Picha haina neno "eti"

*Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu tumetengeneza filamu fupi ya dakika 14 hapa Igombe, Mwanza. Masele, kijana wa dagaa, anamwambia tajiri wake kwamba majambazi wamempora injini ziwani, na sisi tunalionyesha tukio lote kama dakika 3: majambazi wanapanga kisiwani, wanamvizia, wanampiga, wanaondoka na injini, usiku huohuo analia peke yake chumbani. Mwisho ndo inajulikana injini kaiuza mwenyewe. Tulipoionyesha ukumbini watu walikasirika, mama mmoja akauliza kama majambazi hawakuwepo, sisi tuliwaona wapi? Mwenzangu anasema kamera hairuhusiwi kudanganya, tuitoe flashibeki yote. Mimi nilisoma kuna kitu kinaitwa msimulizi asiyeaminika. Nani yuko sahihi na tufanyeje? Hela ya kushuti tena ipo ya siku moja tu.*

Marahaba mdogo wangu. Huyo mama ningependa sana nikae naye, maana kitu ambacho watu wa filamu wamekizungusha miaka mingi kwa maneno marefu yeye kakimaliza kwa swali moja. Ukimjibu yule mama vizuri filamu yako imepona, na flashibeki huna haja ya kuitupa.

Mwenzako anakosea, hakuna sheria kama hiyo. Kamera imeonyesha uongo tangu zamani na watu wamelipa viingilio na wamerudi tena kuangalia. Ila na wewe kuna mahali umeteleza kidogo, kwa sababu hilo jina la msimulizi asiyeaminika limetoka kwenye vitabu. Mhakiki wa Marekani, Wayne Booth, ndo alilipa jina mwaka 1961 na alikuwa anazungumzia hadithi za kuandikwa. Kwenye riwaya anayesema "mimi" yupo kila mstari, mdomo wake hauondoki, hata ukisahau kidogo ukurasa unaofuata anakukumbusha yupo. Kwenye filamu yako Masele anaongea kidogo tu halafu anapotea, inakuja picha, na picha haina mdomo.

Fikiria tunavyoongea sisi wenyewe. Jirani akikuambia Masele kaibiwa injini, wewe ukienda kulisema mbele unasema "eti Masele kaibiwa injini". Hilo neno ni dogo lakini linabeba mzigo, linasema mimi sikuwepo, nimeambiwa, kesho ikiwa uongo msinishike mimi. Sasa jaribu kuipiga picha hiyo eti. Huwezi. Ukimweka mtu ndani ya mtumbwi kashika panga, basi kwenye skrini kuna mtu ndani ya mtumbwi kashika panga na yeyote aliyekaa kwenye kiti kamuona kwa macho yake. Mliposhuti majambazi wale mlidhani mnaonyesha "eti walikuja majambazi", ukumbi ukaona "walikuja majambazi". Ndo maana mama anauliza aliwaona wapi, yeye ni shahidi na nyie mwishoni mnamwambia hakuona kitu. Angekasirika nani kama siyo shahidi?

Kwa hiyo kazi yako ni kuitengeneza eti kwa vitu vingine, kwa sauti, kwa mahali kamera inaposimama, kwa unavyoingia na unavyotoka kwenye ile stori ya Masele.

Mimi jambo hili nilianza kulielewa kabla sijagusa kompyuta ya kueditia, nikiwa mtoto kwenye kibanda umiza kule Mabatini. Mnazijua zile muvi zenye mtafsiri anayeongea juu yake kwa Kiswahili. Kuna moja jamaa anafungua bahasha, anasoma, anaikunja polepole anaiweka mfukoni. Mtafsiri akasema ile ni barua kutoka nyumbani, mama yake mgonjwa sana. Kibanda kizima kikanyamaza, na mimi naapa niliiona huzuni kwenye ule uso. Miaka baadaye nimeipata muvi ileile yenye maandishi chini, kumbe ilikuwa karatasi ya deni na jamaa alikuwa anafikiria pa kukimbilia. Uso ni uleule. Mtafsiri aliyaambia macho yangu yaone nini na yakaona. Lakini siku nyingine mtafsiri huyohuyo alisema "sasa anapanda ndege" na jamaa anapanda treni, weee, watu walimzomea mpaka akaomba radhi.

Shika hizo mbili kwa pamoja. Picha ikiwa wazi, inaishinda sauti. Picha ikiwa na njia mbili za kusomeka, sauti ndo inachagua njia. Nyie mmeshuti picha zilizo wazi kabisa, panga ni panga, na sauti ya Masele mkaizima, kwa hiyo hakuna mtu aliyebaki wa kubeba lawama ya uongo isipokuwa filamu yenyewe.

Hamko peke yenu. Alfred Hitchcock, ambaye kazi yake yote ilikuwa kucheza na macho ya watu, alipigwa na jiwe hilihili mwaka 1950 kwenye filamu inaitwa Stage Fright. Nitakuharibia mwisho wake kwa sababu mwisho ndo tunaouhitaji. Mwanzoni kabisa kijana Jonathan yupo kwenye gari na rafiki yake Eve, anamwambia kwamba mwanamke anayempenda, msanii wa jukwaani, alikuja kwake na gauni lenye damu akasema kamuua mumewe. Tunaingia kwenye maelezo yake na tunaona yote, gauni, damu, yeye anakwenda nyumba ya marehemu kuchukua gauni safi, mfanyakazi anamuona anakimbia. Mwisho wa filamu unakuta muuaji ni yeye Jonathan. Watu wengi walihisi wamechezewa, na baadaye Hitchcock mwenyewe, akiongea na mwenzake Mfaransa François Truffaut, alikiri kwamba flashibeki ile ya uongo hakupaswa kuiweka.

Ila mi nimeiangalia mara nyingi na sikubaliani naye moja kwa moja. Alama alikuwa ameziweka. Filamu inaanza na pazia la jukwaa linapanda na nyuma yake mji wa London, yaani anakuambia haya ni maigizo. Halafu baba yake Eve analichunguza lile gauni anagundua damu imepakwa makusudi, na Jonathan analitupa motoni. Shida ni kwamba pazia lilikuja mapema mno, mtu hajajua hata ashike nini, ni sawa na mtu aseme "eti" Jumatatu halafu habari yenyewe aitoe Ijumaa. Na damu iliyopakwa tukaitafsiri kumwelekea yule mwanamke, kwamba yeye ndo anamchongea kijana wa watu. Pale kwenyewe, ndani ya yale maelezo, kamera inatembea kama inavyotembea filamu nzima, taa zilezile, utulivu uleule. Eti ilikuwepo nje ya sentensi.

Sasa mwaka huohuo 1950 kule Japani Akira Kurosawa katoa Rashomon, ambayo ndani yake watu wanne wanaeleza kifo kimoja na maelezo hayapatani, yaani kuna uongo mwingi kuliko kwa Hitchcock, na sijasikia aliyelalamika kudanganywa, mwaka uliofuata ikachukua tuzo kubwa kabisa Venice. Kwa nini? Angalia mashahidi wanapotoa ushahidi wao. Wamekaa chini uwanjani, wanatazama upande wetu, wanajibu maswali ya hakimu ambaye hatumuoni na hatumsikii hata mara moja. Hakimu ni sisi. Kabla ya kila ushahidi wa pale uwanjani na baada yake tunarudishwa kwenye kile kiti cha kusikiliza kesi, na mtu aliyekaa kwenye kiti hicho anajua anachosikia ni maneno ya mtu. Halafu kuna jambo la pili ambalo nalipenda zaidi. Jambazi anapoeleza mapigano yake na samurai, yule askari wa Kijapani aliyekufa, ni mapigano ya mashujaa, panga zinalia, kila mtu jasiri. Mkata kuni anapoyaeleza yaleyale baadaye, wote wawili wanatetemeka, wanahema, wanakimbiana, wanaanguka. Kamera imekubali kuazimwa na kila msimulizi. Na hata huyo mkata kuni tunakuja kujua kuna kitu alikificha, kwa hiyo hutoki na uhakika wowote lakini hutoki na hasira pia, maana ulijua tangu mwanzo umekaa mahakamani.

Turudi Igombe. Hizo dakika 3 nimezipitia kichwani kama ulivyozitaja na zina makosa yanayoeleweka vizuri.

La kwanza ni majambazi kupanga kisiwani. Masele hakuwepo pale, hata kwenye uongo wake mwenyewe hakuwepo. Anamwambia tajiri "walinivizia", sawa, lakini hawezi kumwambia walinong'onezana nini kabla hajafika. Shoti zile hazina msimulizi, haziwezi kuwa maneno ya Masele, kwa hiyo zimekuwa maneno yako wewe mtengenezaji, na wewe umetuambia uongo mchana kweupe. Hizo zitoe zote. Najua ndizo mlizohangaika nazo, kwenda kisiwani siyo mchezo, ila zitoe. Vilevile kama kuna shoti ya juu ya droni mitumbwi miwili inakaribiana, hiyo nayo ni jicho la nani? Itoe.

La pili ndo kubwa kuliko yote, na naona hakuna aliyewaambia. Masele analia peke yake chumbani. Hapo tayari tumetoka kwenye maelezo, tajiri hayupo, hakuna anayemsikiliza, tupo kwenye sasa ya filamu ambapo kamera inaongea kwa jina lake. Mtu akilia mbele ya mtu tunaweza kusema baadaye alikuwa anaigiza. Akilia peke yake gizani kwa uchungu wa kuibiwa, na kumbe hakuibiwa, anamlilia nani? Anatulilia sisi, yaani anajua kuna kamera. Naamini hasira za ukumbi zilianzia hapa hata kama midomo ilitaja majambazi.

Usilitoe chozi, lisomeke njia mbili. Kijana aliyeuza injini ya tajiri wake ana sababu nyingi za kulia, ana woga, ana aibu. Mkalishe kitandani, ainue macho juu kwenye bati, ayaache huko muda mrefu kidogo, kisha bodaboda ipite nje na yeye ashtuke azime kibatari. Mara ya kwanza tutasema anamuomba Mungu na anaogopa majambazi watarudi. Mwisho wa filamu tukijua hela kaificha juu ya mhimili wa paa, tutaikumbuka shoti hiyo wenyewe, na tutajua macho yake yalikuwa yanaangalia hela. Hakuna kilichobadilishwa, ni picha ileile.

Nilitaka pia nikuulize, asubuhi mbele ya tajiri ana kidonda usoni? Maana kwenye flashibeki kapigwa. Kama kidonda kipo halafu majambazi hawakuwepo, kidonda kimetoka wapi? Alama yoyote iliyobaki kwenye sasa ya filamu ni ushahidi wa filamu yenyewe, lazima ilipwe. Ama kifute, ama mwishoni utuonyeshe kajigonga mwenyewe kwenye ukingo wa mtumbwi, na hiyo kwa kweli ingekuwa sini nzito sana, kijana anajiandaa kujiumiza, anashindwa, anajaribu tena.

Siku yako moja ya kushuti nakushauri uigawe hivi. Mchana shuti tajiri anasikiliza. Sasa hivi nadhani mmemuonyesha mwanzo na mwisho tu, nataka aingie katikati akatize maelezo. Masele anasema wakanizunguka na mtumbwi wao, tupo ziwani, halafu sauti ya tajiri inaingia juu ya picha, "Walikuwa wangapi?" Kata uturudishe kwa Masele, kimya sekunde moja, mbili, "Watatu. Wanne, tajiri, mmoja alikuwa amelala chini." Ukirudi ziwani yule wa nne ananyanyuka kutoka chini ya mtumbwi. Hiyo ndo eti yenyewe, picha inamfuata Masele ulimi wake unapokwenda. Mtazamaji mwepesi ataona ni maelezo ya kawaida tu, mwenye jicho atajikuna kidogo, na wote wawili mwishoni watakuwa na mahali pa kushika.

Jioni kabla jua halijazama shuti mikono. Injini ya mtumbwi inakaa kwa skrubu mbili za kuzungusha kwa mkono pale nyuma, unazijua. Kamera iwe karibu kabisa, mikono ya Masele tu na skrubu, mikono inazungusha. Juu yake sauti yake inamwambia tajiri, "Nikakaza injini kama kila siku, nikasukuma mtumbwi." Mikono izunguke kuelekea kushoto. Anafungua. Ukumbi mzima utaona mtu anakaza, kwa sababu sauti imewaambia anakaza, ni ile bahasha ya kibanda umiza. Mwishoni urudie shoti hiyohiyo kutoka mkao uleule, mikono ileile, safari hii bila sauti na kamera isogee nyuma taratibu mpaka tuwaone watu wawili wamesimama kwenye maji ya magoti wanasubiri kuipokea, na mmoja anahesabu noti. Hapo yule mama hatakuuliza aliona wapi. Aliona, na ilikuwa kweli, ni maneno tu yalikuwa ya uongo.

Usiku shuti majambazi upya, ila kwa bei ndogo. Kamera ikae pale alipokaa Masele ndani ya mtumbwi, chini, na mtu mmoja mwenye tochi kali aimulike lenzi. Mtu anayemulikwa tochi usoni haoni nyuso, anaona mwanga na miguu na panga likipita. Sauti za watatu wanne mtarekodi nchi kavu. Kwanza inatisha zaidi kuliko nyuso za jamaa zenu ambazo nusu ya ukumbi inazijua, pili hakuna sura tunayoweza kudai tuliiona. Hizo dakika 3 zikishuka mpaka dakika 1 na nusu usisikitike. Uongo wa mtu hauna haja ya kuwa mrefu kuliko anavyoweza kuusimulia bila kupumua.

Na kama ratiba inaruhusu chagua usiku wenye mbalamwezi kali, uuonyeshe mwezi wazi juu ya maji. Masele anasema alikuwa dagaani. Mtu yeyote wa mwaloni anajua mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, watu wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Kirumba na Igombe nzima watanong'ona "mbona kaenda dagaa na mwezi huu?" na hapo umewapa wenyeji ufunguo wao. Mtazamaji wa Dodoma hataliona hilo, yeye ana mikono na ana yule jambazi wa nne.

Sasa nikupimie kwa haki, maana kuna njia nyingine. Unaweza kufanya alichosema mwenzako, flashibeki itoke yote na kamera ikae kwenye uso wa Masele anaeleza mwanzo mwisho. Ni njia safi, haina gharama, na uongo unabaki mdomoni mwake. Ila inamtaka muigizaji anayeweza kubeba dakika mbili bila kukatwa, na wengi wetu tukiandikiwa maneno marefu tunayasoma badala ya kuyasema. Unaweza pia kwenda njia ya kuficha bila kudanganya hata kidogo, kama ile The Sixth Sense ya mwaka 1999. Pale mume anachelewa mgahawani siku ya kumbukumbu ya ndoa, anakaa mbele ya mkewe, anaongea, mke hamtazami machoni hata mara moja, bili inakuja mke anaichukua. Tunadhani kanuna, kumbe mume ni marehemu na mke hamuoni. Kilichoonyeshwa chote ni kweli, sisi ndo tulijaza. Ni njia nzuri kuliko zote lakini inajengwa tangu kwenye skripti, kila sini inapangwa kwa ajili ya maana mbili, na wewe filamu yako ipo tayari na una siku moja. Kwa hiyo kwako nachagua ile ya kuchanganya, uongo mfupi wenye mdomo wa Masele juu yake, na ndani yake shoti mbili tatu za kweli.

Kuna bei utalipa. Eti ikiwa kali, watu watamshtukia Masele mapema na mwisho hautawashtua, watakuwa wanasubiri tu atakamatwaje. Eti ikiwa dhaifu, unarudi kwa yule mama. Kipimo hakipo kichwani mwako wala kwangu, mimi na wewe tunajua mwisho, macho yetu yameshaharibika. Mwaka mmoja nilikuwa naedita filamu ya watu fulani, nikahamisha shoti moja tu ya mama mkwe anatazama kitu, nikaiweka kabla ya duka kuungua, kwa sababu mdundo ulikuwa mzuri. Kwangu alikuwa anatazama njia. Watu wote wakasema kauona moto na kanyamaza, wakamchukia mpaka mwisho, na hakuna sini iliyoweza kumuokoa. Mtu akitazama halafu kikaja kitu, basi kakiona hicho kitu, jicho la mtazamaji linaunga hivyo bila kuuliza. Nilikuja kulijua nilipokaa nyuma ya ukumbi, na muda wa kurekebisha ulikuwa umepita.

Kwa hiyo pima mapema. Tafuta watu 5 ambao hawajasoma skripti na hawakuwepo ukumbini, mmoja mmoja, siyo kundi. Waonyeshe mpaka mwisho wa flashibeki, simamisha, uliza tu "kimetokea nini?" kisha usiongeze neno. Sikiliza kitenzi. Akisema "majambazi wamechukua injini", picha yako bado inasema kwa jina lake. Akisema "anasema majambazi wamechukua", au "eti wamempora", umefika. Ukipata watatu wa "anasema" na wawili wa "wamechukua" mi ningeacha hapohapo. Wote watano wakikuambia "huyu muongo", punguza, pengine yule jambazi wa nne kanyanyuka polepole mno au tajiri kanyamaza muda mrefu mno.

Kuna mambo mawili siwezi kukusaidia kwa maandishi. Moja ni uso wa Masele pale kwenye ile sekunde ya "watatu, wanne", tofauti ya mtu anayekumbuka na mtu anayetunga ni ndogo sana na inaonekana kwenye mkato wenyewe, fremu chache mbele au nyuma. Jingine ni sauti, kwa sababu upepo wa ziwani ukiingia kwenye simu ya kurekodia, sauti ya Masele itaonekana inatoka kulekule mtumbwini badala ya kwa tajiri, na eti yote imekufa. Hayo yanataka tukae pamoja mbele ya mashine, kwangu au kwa edita yeyote unayemuamini hapo mjini. Ukija beba diski yenye kila kitu mlichoshuti, hata shoti mlizozikataa, na hasa zile za mwanzo ambapo muigizaji alikosea maneno akasita. Kusita kwa kweli ni kugumu kuigiza, na inawezekana ile sekunde ya "watatu, wanne" mnayo tayari kwenye mabaki.